Somo: Kubadili rangi ya gauni la marinda kwenye picha bila kupoteza marinda, maua wala uzi wa kitambaa

Gauni la somo hili ni refu, limeshonwa kwa kitambaa cha polista chepesi. Kuanzia kiunoni kwenda chini lina marinda membamba yaliyopigwa pasi. Rangi yake ni feruzi, na juu ya feruzi kuna maua meupe yenye kitovu cha njano na majani ya kijani. Mteja ana duka la nguo, gauni hilo hilo analo pia kwa damu ya mzee, lakini mwanamitindo amepigwa picha akiwa na la feruzi tu. Anataka picha ya pili: feruzi iwe damu ya mzee, na maua, majani na marinda yabaki yalivyo.

Tutatumia Photoshop. Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari, ina menyu zinazofanana nayo kwa sehemu kubwa, na GIMP nimeijibia kwenye maswali.

Kwanza, kwa nini kitambaa hufa

Wengi huchagua gauni, hulipaka rangi mpya kwenye leya ya juu, kisha hushusha Opacity hadi 60% ili "kitambaa kionekane". Hapo ndipo marinda yanapokufa. Rinda halina rangi yake. Ni mgongo uliopata mwanga na bonde lililokosa mwanga, basi. Kwenye picha yetu tofauti ya ung'avu kati ya mgongo na bonde ni kama 99. Ukifunika kwa rangi bapa ya 60%, kinachobaki cha picha ya asili ni 40%, na ile tofauti ya 99 inakuwa 40. Gauni linaonekana kama limechorwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo rangi na mwanga tunavishughulikia kwenye leya mbili tofauti. Leya moja inageuza rangi bila kujali mwanga, nyingine inarekebisha mwanga. Na kabla ya kugusa chochote, tunapima.

Hatua ya 1: Faili na vipimo

Omba faili la asili kutoka kwenye kamera. Likiwa ni JPEG ya simu, mteja alitume WhatsApp kama hati, si kama picha, maana likitumwa kama picha linabanwa na uzi wa kitambaa unafutika kabla hujaanza kazi. Fungua, nenda Image > Mode > 16 Bits/Channel. Hilo haliongezi kitu ambacho hakikuwemo, ila linapunguza makosa ya kukadiria namba unapopandisha leya juu ya leya.

Sasa chukua Color Sampler Tool, na pale juu kwenye Sample Size weka 5 by 5 Average. Ukiacha Point Sample utapima pikseli moja, na pikseli moja kwenye kitambaa inaweza kuwa uzi mmoja uliong'aa, ikakudanganya. Weka alama tatu kwenye feruzi tupu, mbali na maua: moja mgongoni mwa rinda, moja ubavuni penye mwanga wa wastani, moja bondeni. Fungua Window > Info usome.

Kwenye picha yetu mgongo ulisoma R 70, G 178, B 178. Ubavu R 31, G 138, B 140. Bonde R 10, G 62, B 66.

Namba hizo tatu tatu tunazigeuza kuwa namba moja ya ung'avu, kwa sababu jicho halioni rangi zote kwa uzito sawa. Kijani kina uzito mkubwa, buluu mdogo sana:

```
ung'avu = 0.30 × R + 0.59 × G + 0.11 × B
```

Mgongo unatoka 146, ubavu 106, bonde 47.

Rangi tunayoiendea tusiikisie. Mteja alipiga picha kipande cha kitambaa cha damu ya mzee pale pale, chini ya taa zile zile, na penye mwanga wa wastani kinasoma R 122, G 31, B 43. Ung'avu wake ni 60. Yaani damu ya mzee hii ni nyeusi zaidi ya feruzi: palipokuwa 106 panatakiwa pawe 60, ambayo ni kama 0.57 ya mwanzo.

Hiyo 0.57 ndiyo siri ya marinda. Kitambaa cheusi zaidi kinameza mwanga kwa kiwango kile kile kila mahali, mgongoni na bondeni. Basi mgongo wa 146 unatarajiwa uwe kama 83, na bonde la 47 liwe kama 27. Andika pembeni: 83, 60, 27. Tutazirudia. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuonya pale macho yanapochoka.

Hatua ya 2: Maski ya gauni zima

Chagua gauni kwa Object Selection au Quick Selection, kisha ingia Select and Mask. Feather weka 0.5 hadi 1 px, si zaidi. Ukizidisha, ukingo wa gauni utatoa ukungu mwekundu juu ya mkono na ukuta. Decontaminate Colors usiiwashe, kwa sababu inabadilisha pikseli zenyewe za ukingoni na sisi tunataka picha ya chini ibaki bikira.

Pindo la chini ndilo linahitaji subira. Marinda yanapoishia, pindo halinyooki, linakwenda meno meno kama msumeno, na kati ya meno sakafu inaonekana. Quick Selection hupitisha mstari mmoja juu ya meno yote. Kuza hadi 200% na utembee na Pen Tool meno hayo moja moja. Dakika ishirini zinaweza kwenda hapo, na zinastahili, kwani sakafu ya kijivu yenye vipembe vya damu ya mzee ni kitu cha kwanza ambacho mtu huona.

Ukimaliza, tengeneza Group, iite Gauni, uipe maski hiyo. Mode ya Group iache Pass Through. Kila leya itakayofuata inaingia ndani ya Group hii, na haiwezi kutoka nje ya gauni. Usalama huu utauhitaji, maana baadhi ya rangi za ngozi na za kitambaa ni majirani.

Hatua ya 3: Kugeuza rangi

Ndani ya Group weka adjustment layer ya Hue/Saturation. Kwenye orodha iliyoandikwa Master chagua Cyans. Kisha kwa kile kifaa cha kunyonya rangi bonyeza kwenye feruzi, ubavuni mwa rinda. Chini ya dirisha kuna mistari miwili ya rangi, na katikati yake vishikio vinne. Viwili vya ndani vinaonyesha rangi zitakazogeuzwa zote kabisa. Viwili vya nje vinaonyesha mpaka ambao mabadiliko yanafifia hadi kuisha.

Sogeza Hue hadi +171. Namba hiyo haikutoka hewani: feruzi yetu iko kwenye nyuzi 181 za duara la rangi, damu ya mzee iko 352, na tofauti ni 171.

Angalia Info sasa. Inaonyesha namba mbili mbili, ya kabla na ya baada. Ubavu umekwenda karibu na R 140, G 31, B 46, ambao ung'avu wake ni 65. Mgongo uko karibu na R 178, G 70, B 86, sawa na 104. Bonde liko R 66, G 10, B 15, sawa na 27.

Linganisha na tulichoandika. Bonde tayari limefika, ubavu unakaribia, ila mgongo uko 104 badala ya 83. Ukitazama picha utaona hilo hilo kwa macho: gauni limekuwa jekundu, lakini migongo ya marinda imepauka kuelekea waridi, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Hapa mwenye haraka hukimbilia kitelezi cha Lightness. Usikiguse. Kitelezi hicho kikishuka kinavuta kila kitu kuelekea nyeusi kwa mkupuo, na kila sehemu iliyong'aa inakuwa ya kijivu. Kikipanda, mabonde yanajaa ukungu. Mwanga una leya yake, inakuja.

Kwa nini Hue/Saturation na si leya ya Solid Color yenye mode ya Color, ambayo masomo mengi huifundisha? Kwa sababu kitambaa si rangi moja. Ukikuza feruzi yetu utaona uzi mmoja umeegemea kijani, wa pili umeegemea buluu, na bonde la rinda limeegemea buluu kidogo zaidi ya mgongo. Hue inazungusha duara zima kwa pamoja, tofauti hizo ndogo zinabaki. Solid Color inazifuta zote na kuweka nyekundu moja kila mahali, na jicho linahisi plastiki hata kama halijui kwa nini. Tena Solid Color hupaka rangi hata ule mng'ao mweupe, wakati Hue haina cha kuzungusha mahali palipo peupe.

Hatua ya 4: Maua na majani

Maua meupe na vitovu vya njano vimebaki salama vyenyewe, kwa kuwa havimo kwenye Cyans. Tena kuna zuri limetokea bila kulitafuta. Petali nyeupe inayopakana na feruzi huwa na kivuli chenye uferuzi kidogo, kwa sababu kitambaa huirushia rangi yake. Hue imegeuza kivuli hicho kuwa na wekundu hafifu, na ndivyo ua jeupe linavyoonekana kweli juu ya damu ya mzee. Angekuwa mtu amelikata ua zima kwa maski ngumu, vivuli vya feruzi vingebaki kuzunguka kila petali, na picha ingejitangaza kuwa imechezewa.

Majani ndiyo yenye matatizo. Kijani ni jirani wa feruzi, na kwenye kingo za majani utaona mstari mwembamba wa zambarau. Sababu yake ni ile sehemu ya kufifia kati ya kishikio cha ndani na cha nje. Pikseli iliyo katikati yake haizungushwi nyuzi 171, inazungushwa nusu, kama 85. Ukitoka kijani chenye uferuzi ukaenda nusu ya safari, unatua kwenye buluu na zambarau. Ukiona zambarau isiyo na asili kwenye picha, usihangaike na kitu kingine, ni hapo.

Tiba ya kwanza: sogeza kishikio cha nje cha upande wa kijani karibu na cha ndani, ukiacha nafasi ya nyuzi 8 hadi 10. Usivigandishe kabisa, kwani mpaka utakuwa na chembechembe kama mchanga. Kwenye picha yetu hilo lilimaliza zambarau kwa sehemu kubwa, ila majani yaliyo kwenye kivuli yaliendelea kubadilika, maana kivulini kijani na feruzi vinafanana.

Tiba ya pili, kwa majani hayo tu: zima jicho la leya ya Hue/Saturation kwanza, ili uchague kutoka kwenye rangi za asili. Nenda Select > Color Range, weka Fuzziness 30, bonyeza jani lililo kwenye mwanga, kisha ushikilie Shift na ubonyeze jani lililo kivulini. Ukikubali, washa leya tena, simama kwenye maski yake, na ujaze nyeusi. Kisha tumia brashi laini ya nyeusi au nyeupe kusahihisha pale Color Range ilipokosea.

Na itakosea mahali pa kujua kabisa: ndani ya mabonde ya marinda. Huko giza ni nyingi na rangi ni kidogo, programu inadhani bonde la feruzi ni jani. Ukitazama gauni kwa mbali utaona mabonde machache yana mstari wa feruzi wima, kama uzi umeachwa. Pitisha brashi nyeupe ya Flow 30% kufuata bonde kutoka juu kwenda chini. Fuata rinda, usilikate.

Chapa inapovuka rinda, ua linakatwa: nusu iko mgongoni, nusu imezama bondeni. Usijaribu kuliunganisha. Kukatika kwake ndiko kunakomwambia mtazamaji kuwa hapo pana rinda.

Hatua ya 5: Mwanga

Juu ya Hue/Saturation, ndani ya Group ile ile, weka Curves. Maua meupe hayatakiwi kushuka, kwa hiyo ipe maski: zima leya zote mbili, ingia Color Range, chagua nyeupe na njano za mwangani na za kivulini, ujaze nyeusi kwenye maski ya Curves. Yaongeze na majani, kwa kunakili eneo ulilolitenga hatua ya 4. Hapa ukikosea pikseli moja au mbili haitaonekana sana, kwani kosa la mwanga mdogo jicho linasamehe kuliko kosa la rangi. Maski hii ipe Feather ya 1 px kwenye Properties.

Sasa weka nukta tatu kwenye mstari wa Curves. Input 66 iwe Output 65, yaani bonde tumelipigilia msumari lisisogee. Input 140 iwe 128. Input 178 iwe 145. Rudi Info: ubavu sasa una ung'avu wa 62 hivi, bonde 27, mgongo 93.

Mbona mgongo ni 93 na hesabu ilisema 83? Tumeuacha hivyo kwa makusudi. Polista ina mng'ao wa juu juu, na mng'ao huo ni mwanga wa taa unaoruka bila kuingia kwenye rangi ya kitambaa. Hesabu ya 0.57 inahusu mwanga ulioingia na kutoka. Mng'ao haupungui kwa sababu kitambaa kimekuwa cheusi. Ukiulazimisha mgongo hadi 83, polista inageuka pamba, na mteja atakuambia "kitambaa si hiki" bila kuweza kueleza kilichobadilika. Kwa pamba isiyong'aa fuata hesabu ilivyo. Kwa satini acha nafasi kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Juu ya kila kitu weka Solid Color ya kijivu, mode iwe Color. Picha yote inakuwa ya mwanga tu, bila rangi. Iwashe na kuizima huku ukizima na kuwasha Group ya Gauni. Idadi ya marinda iwe ile ile, na kila bonde lionekane hadi pindoni. Rinda lililotoweka kwenye kijivu limetoweka kweli, hata kama rangi inakuficha.

Kisha futa leya hiyo ya kijivu, kuza 100%, utazame chini ya kidevu, ndani ya mkono unaogusa gauni, na sakafuni kuzunguka pindo. Feruzi ya zamani imerusha rangi yake huko. Weka Hue/Saturation nyingine nje ya Group, Cyans, Saturation -60, maski nyeusi, na upake nyeupe kwa brashi laini sehemu hizo tu.

Kutoa faili: File > Export > Export As, JPEG, na uweke alama kwenye Convert to sRGB. Usipofanya hivyo na picha yako iko Adobe RGB, kwenye simu isiyosoma wasifu wa rangi damu ya mzee itaonekana imefifia kama tofali.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, gauni langu ni jeupe, la bibi harusi, na wanataka wasimamizi waone hilo hilo kwa damu ya mzee. Nasogeza Hue kutoka mwisho hadi mwisho, hakuna kinachotokea.

Jibu: Hakitatokea, dada, nyeupe haina rangi ya kuzungusha. Kwa nyeupe tumia Solid Color yenye mode ya Multiply, ndani ya Group yenye maski ya gauni. Multiply inazidisha namba za picha na za rangi yako kisha inagawa kwa 255, kwa hiyo kivuli kinabaki kivuli. Ila nyeupe ya picha si 255. Pima ubavu wa kitambaa: tuseme ni R 235, G 232, B 228. Ukitaka ipatikane 122, 31, 43, rangi ya kujaza iwe 132, 34, 48, yaani kila namba uzidishe kwa 255 na ugawe kwa ile ya picha. Tena vivuli vya nguo nyeupe huwa na ubuluu. Chini ya Solid Color weka adjustment ya Black & White, la sivyo ubuluu huo utachafua rangi mpya.

Swali: Nimefanya hivyo, asante. Lakini begani kuna sehemu imekuwa bapa kabisa, kama kibandiko.

Jibu: Weka Color Sampler hapo begani. Ikisoma 255, 255, 255, kamera iliunguza sehemu hiyo na hakuna uzi wala rinda lililorekodiwa. Multiply haiwezi kurudisha kisichokuwepo. Kama mpiga picha ana RAW, mwombe aifungue upya akishusha Highlights, mara nyingi hapo uzi unarudi. Kama ni JPEG tu, nakili kipande cha kitambaa kilicho jirani kwa Clone Stamp kwenye leya mpya, ukifuata mwelekeo wa uzi, na umwambie mteja kuwa hapo pamejazwa.

Swali: Na kinyume chake, kaka? Nina gauni jeusi la marinda, wanataka njano.

Jibu: Hiyo nakushauri uikatae, au uombe picha nyingine. Mgongo wa rinda jeusi unaweza kusoma 45 na bonde 12. Kupeleka 45 hadi 180 ni kuzidisha mara nne, na chembechembe za kamera na vijiboksi vya JPEG navyo vinazidishwa mara nne. Hata picha ikiwa safi, kuna tatizo lisilo na dawa: kwenye nguo nyeusi karibu mwanga wote unaouona ni mng'ao wa juu juu, mistari myembamba mgongoni. Nguo ya njano inaonyesha umbo lake kwa mwanga uliosambaa ubavuni kote. Ukilazimisha, utapata gauni la bati. Kama duka lina rangi sita, mpiga picha apige ile nyepesi zaidi, isiyo nyeupe, na nyingine zote zishuke kutoka hapo. Kushusha ni rahisi, kupandisha ni vita.

Swali: Mimi nina kitenge cha nta, chini buluu iliyokolea, maumbo ya rangi ya chungwa, na ile mipasuko myembamba ya buluu inayopita juu ya chungwa. Nataka chungwa iwe waridi. Maski ya mipasuko inanishinda.

Jibu: Usiikate kwa maski, hutamaliza, na ukimaliza itakuwa na kingo ngumu. Mipasuko ni ya buluu, iko upande wa pili wa duara la rangi, kwa hiyo Hue/Saturation ya Reds, ukiibonyeza kwenye chungwa yenyewe, haitaigusa. Vishikio vya ndani vifunike chungwa kuanzia mwangani hadi kivulini, vya nje viwe karibu. Palipo na mchanganyiko wa nta, chungwa na buluu vinapopandana, utapata hudhurungi inayobadilika kidogo, nayo ni sawa, kwani hata kwenye kitambaa halisi ingebadilika. Jihadhari na kitu kimoja: ngozi iko jirani kabisa na chungwa. Maski ya Group ikivuja kwenye mkono, mkono utakuwa waridi.

Swali: Baada ya kugeuza, kingo za maua yangu zina ngazi ngazi, na kuna rangi iliyomwagika nje ya petali. Picha nilitumiwa WhatsApp.

Jibu: Ndiyo sababu yenyewe. JPEG nyingi huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwenye feruzi na nyeupe hukuliona hilo. Ukigeuza kuwa nyekundu na nyeupe, linajitokeza. Omba faili la asili. Likikosekana, weka leya tupu juu, mode ya Color, nyonya rangi ya ndani ya petali, na upake ukingo kwa brashi ya px 2 hadi 3. Mode ya Color haitagusa mwanga, hivyo mchoro wa petali hautapotea.

Swali: Natumia GIMP, mwalimu. Sioni vishikio vinne.

Jibu: Havipo. Nakili leya ya picha, ipe Layer Mask ya gauni, kisha Colors > Hue-Saturation. Kwenye duara la rangi chagua C, usogeze Hue vile vile. Badala ya vishikio kuna Overlap, inayoamua rangi jirani zichanganyike kiasi gani. Anza na 0, ukiona mpaka una mchanga ipandishe polepole. Kwa kuwa huwezi kubana nyuzi kama kwenye Photoshop, majani ya kijani utayalinda kwa maski zaidi: Select > By Color, Threshold 15 hadi 25. Mwanga utaufanyia Colors > Curves kwenye nakala nyingine. Kuanzia GIMP 3.0 vichujio hivi vinaweza kubaki hai juu ya leya ukavirekebisha baadaye. Kwenye 2.10 vinagandishwa, kwa hiyo kila hatua uifanyie nakala.

Swali: Mteja anasema rangi kwenye picha si ya kitambaa chake, na mimi nilichukua namba kwenye picha ya kipande alichonitumia.

Jibu: Muulize kipande alikipiga wapi. Kama gauni lilipigwa studio na kipande kilipigwa mezani chini ya balbu ya njano, namba zako ni za balbu. Mwambie akiweke kipande karibu na dirisha mchana, bila jua la moja kwa moja, juu ya karatasi nyeupe. Kwenye picha hiyo weka Curves, uchukue kile kifaa cheupe cha kunyonya rangi, ubonyeze kwenye karatasi, na ndipo usome R, G na B za kitambaa. Na usipime ukingoni pa kipande palipochanika, nyuzi zilizolegea pale huwa nyepesi kuliko kitambaa chenyewe.